Usingizi wa Mbeleko na Usingizi wa Usiku

Mama aliyejifungua mtoto wake wa kwanza, awe yuko Lamu, Tanga au Kisumu, hakosi kuonywa na jamaa zake, kabla hata arubaini haijatimia, kwamba mtoto alazwaye kifuani au mgongoni mchana kutwa atazoea mikono, na kwamba aliyezoea mikono hatamwachia mzazi wake raha ya usiku. Katika nyumba hiyo hiyo huwapo bibi asemaye kinyume cha hayo, kwamba mtoto aliyeshinda ametulia katika mbeleko ndiye atuliaye na usiku, na mama mchanga, aliyechoka na asiyejua amfuate nani, hukaa baina ya kauli mbili kama mtu aliyeulizwa njia asiyoijua. Sura hii yataka kuzipima kauli hizo kwa mizani ya yale yaliyothibiti kuhusu usingizi wa watoto wachanga, kwa kuwa jambo hili halihitaji kuachwa katika dhana ilhali lina ushahidi.

Ndani ya onyo lile mna mashtaka mawili, nayo aula yatenganishwe. Shtaka la kwanza ni la kiasi: kwamba usingizi wa mchana, hasa ule mzito na mrefu apatao mtoto juu ya mwili wa mzazi, hupunguza usingizi wa usiku. Shtaka la pili ni la mazoea: kwamba mtoto, akiisha kujua joto la kifua na mwendo wa mgongo, hatakubali tena kitanda, naye ataamka kila saa usiku kuyatafuta aliyoyazoea. La kwanza lina ukweli ndani yake, walakini ukweli huo hauko pale unapotafutwa. La pili limejengwa juu ya jambo la kweli lililohamishwa mahali pake.

Tuanze na kiasi. Mwaka 1982 mtaalamu wa Zurich, Alexander Borbély, alieleza kuwa usingizi huendeshwa na nguvu mbili zinazotenda kazi pamoja. Moja ni haja ya usingizi, ambayo hukua kadiri mtu akaavyo macho na hupungua kadiri alalavyo. Ya pili ni saa iliyo ndani ya mwili, ambayo huuambia mwili sasa ni mchana na sasa ni usiku, bila kujali mtu amelala kiasi gani. Haja ya usingizi ni ya ubongo, nao ubongo ukiwa umelala hupunguza haja yake kwa kulala kwenyewe. Mtoto aliyelala saa moja na nusu mgongoni kwa shangazi yake, na mtoto aliyelala saa moja na nusu katika kitanda chenye chandarua, wote wawili wameamka na haja iliyopungua kwa takriban kiasi kimoja. Kwa hivyo anayeuliza kama usingizi wa mgongoni huharibu usiku hana budi kuuliza kwanza: ulikuwa mrefu kiasi gani, nao ulikoma saa ngapi?

Saa ya mwili, kwa upande wake, haizaliwi imekamilika. Mtoto mchanga hulala saa 14 hata 17 katika siku nzima, amezigawa vipande vipande bila kubagua giza na nuru, na ni baada ya miezi miwili au mitatu ndipo mwili wake unapoanza kuutoa kwa utaratibu, kila giza liingiapo, ule utomvu wa usingizi uitwao melatonini. Katika majuma hayo ya mwanzo hakuna usiku uliojengeka ambao mbeleko ingeweza kuubomoa. Mama anayembeba kichanga wake wa majuma sita huku akichambua mchele uani, mwanga wa mchana ukiwazunguka, hamnyimi kitu, bali amemweka pale pale ambapo nuru, ambayo ni mwalimu mkuu wa saa ya mwili, humfikia.

Jambo hili limewahi kutiwa katika jaribio lenye adabu ya elimu. Mjini Montreal, nchini Kanada, matabibu wawili, Urs Hunziker na Ronald Barr, waliwagawa kwa kura kina mama 99 wenye watoto wachanga katika makundi mawili. Kundi moja liliombwa liwabebe watoto kwa muda usiopungua saa 3 kila siku, mikononi au katika mbeba-mtoto, wala si wakati wa kilio tu, bali hata mtoto akiwa ametulia au amelala. Kundi la pili halikuombwa hivyo. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1986, yalionyesha kwamba watoto waliobebwa zaidi, walipofikia umri wa majuma sita, ambao ndio umri wa kilio kikali kupita umri wote, walilia pungufu kwa asilimia 43, na jioni pungufu kwa asilimia 51. Umashuhuri wa jaribio hilo umetokana na habari ya kilio. Mimi nalileta hapa kwa habari nyingine iliyosemwa mle kwa maneno machache na ambayo wasomaji wengi wameipita: usingizi wa watoto wale haukubadilika. Kubebwa zaidi hakukuongeza usingizi, wala hakukuupunguza. Ni kweli kwamba watoto hao walifuatwa hadi umri wa majuma 12 tu, na mtoto wa miezi minane hahukumiwi kwa kipimo cha mtoto wa miezi miwili. Lakini onyo la jamaa zetu hutolewa zaidi katika majuma hayo hayo, na kwa majuma hayo jawabu limo.

Mpinzani aweza kuleta hoja kutoka hapa hapa kwetu, nayo ni hoja yenye nguvu. Katika miaka ya 1970 Charles Super na Sara Harkness waliishi katika kijiji cha Kokwet, nyanda za juu za magharibi ya Kenya, miongoni mwa Wakipsigis, wakaandika jinsi watoto walivyolala. Mtoto wa Kokwet alishinda mchana mgongoni au mapajani, kwa mama yake au kwa msichana mdogo aliyewekwa kumlea, akasinzia humo humo kazi zikiendelea. Usiku alilala ubavuni mwa mama, ngozi kwa ngozi, akanyonya kila alipotaka. Wataalamu hao walipolinganisha, waliona kwamba mtoto wa Marekani wa miezi minne aghalabu hufikia saa 8 za usingizi mfululizo, ilhali kipindi kirefu kabisa cha mtoto wa Kokwet kilikuwa karibu nusu ya hizo, na katika miezi minane ya mwanzo kilirefuka kwa uchache sana. Je, si mgongo huo ulioukatakata usiku wa Kokwet?

Mwenye kuharakisha atasema ndiyo. Lakini tazama mambo mangapi yalitofautiana kwa pamoja. Mtoto wa Marekani alikuwa peke yake katika chumba chake, na wazazi wake, waliotakiwa kazini asubuhi kwa saa maalumu, walikuwa wakijitahidi kumfundisha asiite usiku. Wa Kokwet alikuwa na ziwa karibu na mdomo wake, na mama ambaye hakuona taabu kumnyonyesha nusu macho nusu usingizini. Ukaribu wa ziwa usiku watosha kueleza kuamka kwa mara nyingi bila kulitaja neno la mgongo. Jaribio la Montreal liliongeza kubebwa na kuyaacha mengine yalivyo, na usingizi haukutikisika. Kule Kokwet kubebwa kulikuja pamoja na desturi nzima ya usiku. Na lipo jambo jingine ambalo Super na Harkness walilitilia mkazo kwa haki: kina mama wa Kokwet hawakuhesabu kuamka huko kuwa tatizo. Idadi ya mara aamkazo mtoto ni kitu kimoja, na kudhurika kwa usingizi ni kitu kingine.

Hapo twaingia katika shtaka la pili, la mazoea. Asili yake ya kielimu ni ya kweli. Tangu miaka ya 1970 Thomas Anders, daktari wa Marekani, aliwapiga watoto picha za video usiku kucha, akaona kwamba watoto wote huamka, hata wale ambao wazazi wao huapa asubuhi kuwa walilala fofofo. Tofauti ni kwamba wengine hulia na kuita, na wengine hutazama giza kidogo, wakajinyonya kidole na kurudi usingizini. Mwaka 1991 Robin Adair na wenzake walichapisha uchunguzi wa watoto wa miezi tisa, wakaeleza kwamba wale ambao mzazi alikuwapo pamoja nao wakati wa kushikwa na usingizi wa usiku walikuwa na uelekeo zaidi wa kuamka na kuita. Kutoka hapo ikaenea rai kwamba mtoto huyatafuta, aamkapo katikati ya usiku, yale yale yaliyokuwapo alipofumba macho.

Naikubali rai hiyo kwa mahali pake, na mahali pake ni mwanzo wa usiku. Waliochunguzwa na Adair waliulizwa habari za kulala usiku, si za lepe la adhuhuri. Wanaoihamisha hukumu ya saa mbili usiku wakaibandika saa tano asubuhi hudhani kwamba mtoto hatofautishi mgongo wa yaya aendaye sokoni na chumba chenye giza ambamo ameogeshwa, amenyonyeshwa na kulazwa kila siku kwa namna moja. Kila aliyelea anajua kwamba hutofautisha. Mtoto alalaye mbelekoni kwa nyanya mchana, kitandani kwa mama usiku, na garini wakati wa safari, hujifunza kila mahali desturi ya mahali hapo. Fauka ya hayo, kuamka usiku si dalili ya kulelewa vibaya: uchunguzi wa Kanada uliochapishwa mwaka 2018 na Marie-Hélène Pennestri na wenzake ulikuta kwamba katika umri wa miezi sita watoto 38 katika kila 100 hawakuwa wakilala hata saa 6 mfululizo, na katika umri wa mwaka mmoja 28 katika kila 100 walikuwa hivyo bado, na waandishi hao hawakuona kwamba watoto hao walichelewa katika ukuaji wa akili au wa viungo.

Sasa turudi kwenye ule ukweli uliojificha katika shtaka la kwanza. Usingizi wa mtoto mchanga huenda kwa mizunguko ya karibu dakika 50 au saa moja, na mwisho wa kila mzunguko huwa mwepesi, hata mtoto akapepesa macho. Aliye peke yake kitandani mara nyingi huamka hapo. Aliye mgongoni hukutana na joto, mwendo na pumzi ya mtu, akavuka kikomo hicho na kuingia mzunguko wa pili. Ndiyo maana lepe la kitanda mara nyingi huwa la mzunguko mmoja tu, na la mgongoni likafika saa mbili. Hii ni faida kubwa kwa mtoto ambaye vinginevyo angeamka nusu nusu na kununa. Lakini lepe refu likianguka jioni, hula haja ya usingizi ambayo ilipaswa kukusanyika kwa ajili ya usiku.

Tuchukue mfano wa mtoto wa miezi saba, ambaye mama yake hurudi kazini na kumwacha kwa shangazi. Mwili wake wataka jumla ya saa 13. Asubuhi hulala mgongoni kuanzia saa 3 hadi saa 4 na nusu; adhuhuri kuanzia saa 6 na nusu hadi saa 8 na nusu; kisha shangazi, akitaka kupika chakula cha jioni kwa nafasi, humfunga tena saa 11, naye hulala hadi saa 12 na nusu magharibi. Hizo ni saa 5. Mama akimlaza saa 2 na nusu usiku, mtoto hucheka, huvuta chandarua na kuongea peke yake hadi saa 4 na nusu, kisha hulala hadi saa 12 na nusu asubuhi: saa 8. Jumla ni 13, hakuna iliyopotea. Mama husema mbeleko imemharibia usiku. Lakini mtoto huyu hana kasoro yoyote, ila sehemu kubwa mno ya hesabu yake imetumika mchana, na sehemu ya mwisho ilikoma saa mbili tu kabla ya kitanda.

Dawa yake si kuondoa mbeleko. Malepe mawili ya mwanzo yaachwe yalivyo, mgongoni hapo hapo. Lile la tatu ama liachwe kabisa, ama mtoto akionekana hawezi kufika usiku bila kulia, alale nusu saa tu kuanzia saa 10 na nusu, na saa 11 afunguliwe, aoshwe uso na kuletwa penye watu. Baada ya siku kadhaa, si baada ya moja, kwa kuwa saa ya mwili huhama polepole, saa moja au zaidi ya usingizi itahamia usiku yenyewe. Shangazi na apike mtoto akiwa macho mgongoni. Kubebwa si kulala, na mtoto aonaye sufuria na kusikia mazungumzo hukusanya haja ya usingizi sawasawa na aliyekaa mkekani.

Mzazi atajuaje basi kasoro iko wapi? Mtoto aliyelala mchana kupita kiasi au kwa kuchelewa huonekana mchangamfu kitandani, hana kilio cha uchovu. Au huamka usiku wa manane akakaa macho saa nzima kwa furaha. Au huamka alfajiri mapema mno. Huyo apunguziwe au aletewe mapema lepe la mwisho. Mtoto aamkaye kila baada ya saa moja, akilia na kukataa chochote isipokuwa kubebwa wima na kutembezwa, huyo ana mazoea, nayo yatazamwe katika namna alivyolala mwanzo wa usiku: jioni alazwe kitandani akiwa amesinzia lakini hajazama, mkono wa mzazi ukiwa juu yake, na malepe ya mchana yasiguswe. Mtoto aamkaye mara mbili au tatu, akanyonya na kulala tena papo hapo, hana ugonjwa wa usingizi, ana njaa au kiu ya umri wake. Na yule aliyekuwa akilala vyema akabadilika ghafula, au akoromaye kila usiku, au mwenye homa, huyo apelekwe kwa tabibu, wala asitafutiwe sababu katika mbeleko.

Wapo wazazi ambao hawana neno na usiku, bali mikono yao imechoka, nao wataka tu kuweza kumshusha mtoto bila kumwamsha. Kumi Kuroda na wenzake huko Japani walilichunguza hilo kwa kupima mapigo ya moyo ya watoto 21, na matokeo yao ya mwaka 2022 yana msaada wa moja kwa moja. Mtoto aliaye abebwe kwa kutembea bila kusimama kwa dakika 5. Akilala, mzazi aketi naye dakika nyingine 5 hadi 8 kabla ya kumlaza. Wanaomshusha mara tu afumbapo macho humshusha angali katika usingizi mwepesi. Waligundua pia kwamba kinachomshtua si mgongo wake kugusa godoro, kama tulivyokuwa tukidhani, bali ni ule mwanzo wa kubanduka kifuani. Basi mzazi ainame naye, kifua kikiwa bado kimemgusa mtoto hata amefika kwenye tandiko, kisha ndipo ajiondoe taratibu.

Hatari ya kweli ya usingizi wa kifuani haiko katika usiku, iko katika pumzi, nami nasikitika kuona kwamba jamaa wanaoonya sana juu ya mazoea hunyamaza juu ya hili. Njia ya hewa ya kichanga ni nyembamba na shingo yake haijakaza. Kidevu kikikunjika hadi kifuani, hewa hukatika bila kelele wala kupapatika. Kwa hiyo katika mbeleko uso uonekane au uweze kuguswa wakati wote, pua na mdomo visizibwe na nguo, na kati ya kidevu na kifua paweze kupita vidole viwili. Kabla shingo haijakaza, mtoto akae mbele, juu, ambapo mbebaji aweza kumbusu utosini. Jua likiwa kali, mwavuli ni bora kuliko kumfunika kanga kichwani, kwa sababu chini ya kanga joto hupanda na mtoto huvuta tena pumzi aliyoitoa. Anayesonga ugali au kukaanga samaki asiwe na mtoto mbele karibu na moto.

Na kubwa kuliko yote ni kochi. Mtoto aliyelala kifuani kwa baba aliyelala naye katika kochi au kiti cha mikono huteleza baina ya mwili na mto wa kiti, na uchunguzi wa vifo vya ghafula vya watoto wachanga katika nchi mbalimbali umekiweka kitendo hicho miongoni mwa namna za hatari kabisa za kulala na mtoto, hatari zaidi ikiwa mzazi amekunywa pombe, amemeza dawa ya usingizi au ni mvutaji sigara. Sharti la usingizi wa kifuani ni moja: mtoto alale, mbebaji awe macho. Mzazi ahisiye macho yake yanafumba asingoje mtoto azame wala asiogope kumwamsha; amkabidhi mwingine, au amlaze chali mahali tambarare, pagumu kiasi, pasipo mto wala nguo za kumfunika uso, hata kama atalia.